Biharusi Anayelia Ukweni: Chumba, Ufunguo na Kwenda kwa Mama

SUALI: Nimeolewa huu mwezi wa nne. Kwetu ni Wete, na mume wangu amenileta Unguja, nyumbani kwao Ng'ambo. Tunakaa na mavyaa, shemeji zangu wawili wanaume na wifi mmoja aliyeachwa na watoto wake. Mume wangu ni mtu mwema na hajanipiga wala kunitukana. Lakini tangu nifike silali vizuri, nalia kila nikimkumbuka mama, na kuvua mtandio siwezi mpaka usiku. Mume ananiuliza nimekosa nini, maana chakula kipo na nguo zipo. Wifi anasema nina jini. Je, nakufuru neema? Na nina haki yoyote ya kudai, au nisubiri tu?

JAWABU: Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Suala hili tumelifupisha, na mwenyewe ametupa idhini tueleze yaliyofuata bila ya kutaja majina. Tumeona tulijibu kwa urefu kwa sababu masuala ya namna hii yanatufikia kila baada ya msimu wa harusi, na mara nyingi hutufikia yakiwa yameshachelewa: binti ameshakwenda kwao, mume ameshasema neno, na wazee wa pande mbili hawasalimiani.

Tuanze na dhambi, kwa kuwa ndilo lililomtia khofu. Kulilia kwenu si kukufuru neema. Katika Suratun Nisaa, aya ya 66, Allah (S.W.T.) ametaja kutoka majumbani pamoja na kujiua nafsi katika mambo ambayo, lau watu wangeamrishwa, wachache tu wangeyatekeleza. Hapo inafahamika uzito wa mtu kutolewa kwao. Na Masahaba walipohamia Madina, Bilal (R.A.) aliugua homa, na ilipompungua alikuwa akitamka mashairi ya kuyakumbuka majani na maji ya Makka. Bibi Aisha (R.A.) alipompa Mtume (S.A.W.) khabari hiyo, hakusema kwamba imani yake ni dhaifu. Alimuomba Allah awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Basi ikiwa Bilal, aliyeteswa Makka juu ya mchanga wa moto, aliikumbuka Makka, vipi binti wa miaka ishirini asiikumbuke nyumba ambayo hakuona ndani yake ila mapenzi?

Bibi Aisha mwenyewe aliingia nyumbani kwa Mtume akiwa mdogo, na imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba alikuwa akicheza na wanasesere na wenzake. Mtume akiingia wale wasichana hujificha kwa haya, naye huwarudisha kwake waendelee kucheza naye. Waume waizingatie hadithi hii. Mke hakutakiwa azisahau siku zake za nyuma kwa siku moja. Aliachiwa kipande cha kwao ndani ya nyumba yake mpya.

Chumba chenyewe kilikuwaje

Mtu akiniletea malalamiko ya ukweni, siulizi kwanza nani mbaya. Nauliza: unaoga wapi, unavua mtandio wapi, na ufunguo wa chumba anao nani? Kwa majibu ya masuala hayo matatu mara nyingi nusu ya jambo hujulikana, na mara nyingi hakuna mtu mbaya.

Nilimuuliza binti huyu hivyo kwa simu, na majibu yake yalikuwa haya. Chumba walichopewa ndicho chenye kabati la mashuka, vyombo vya wageni na hati za nyumba, kwa hiyo ufunguo umekaa kwa mavyaa tangu zamani. Kitasa cha ndani kimeharibika, mlango unarudishwa tu na kuna pazia. Shemeji wa miaka kumi na tisa huingia kuchukua pasi, kwa kuwa pasi na meza yake zimo humo. Watoto wa wifi huingia wakati wowote. Choo na bafu viko uwani, na mlango wa kutokea uwani mavyaa huufunga saa nne usiku kwa kuogopa wezi, ufunguo akaulalia.

Hili la mwisho ndilo lililonishtua. Maana yake ni kwamba biharusi akihitaji josho la janaba kabla ya Alfajiri, lazima amwamshe mama wa mume na kumuomba ufunguo. Hakuwahi kuthubutu. Akisubiri mpaka mlango ufunguliwe asubuhi, na siku nyingine jua limeshachomoza. Binti anayesali tangu utotoni alikuwa akikosa Alfajiri kwa haya, kisha anakaa analia, na watu wa nyumba wanasema analilia kwao.

Hapa kwanza nimwambie yeye hukumu: haya si udhuru wa kuitoa sala nje ya wakati wake, na tayamamu haifai ikiwa maji yapo na mtu anaweza kuyafikia na kuyatumia. Hilo ni lake. Lakini mume aliyemweka mkewe mahali ambapo josho la faradhi linahitaji ruhusa ya mtu wa tatu, naye ana la kujibu. Na alipoulizwa alisema kwamba halikumpitikia kabisa, yeye akioga kazini. Namsadiki. Mimi mwenyewe nilipooa tulikaa nyumba ya watu kumi na moja, na mke wangu alinieleza miaka mingi baadaye kwamba mwaka wa kwanza alikuwa akiwasha mfereji chooni ili asisikike analia. Nilikuwa nimetoka kusoma mlango wa haki za mke kwa mwalimu wangu, na nilikuwa silijui hilo lililokuwa likipita hatua tano kutoka nilipolala.

Sheria imempa nini

Asili ya haki ya makazi ni Suratut Talaq, aya ya 6, inayoamrisha wanawake wakaliswe pale wanapokaa waume kwa kadiri ya uwezo wao, na inakataza kuwadhuru na kuwatia dhiki. Aya imekuja juu ya mwanamke aliye katika eda, na mafakihi wamesema: ikiwa aliyeachwa ana haki hii, basi aliye ndani ya ndoa ana haki zaidi.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imam Nawawi ametaja katika Minhaj kwamba mke anastahiki makazi yanayomfaa mwenyewe, na si sharti yawe milki ya mume. Yanaweza kuwa ya kukodi au ya kuazima. Tazama neno hili: yanayomfaa mke. Chakula na nguo katika madhehebu yetu hupimwa kwa hali ya mume, ama makazi hutazamwa hali ya mke, kwa sababu hapo ndipo anapokaa saa zote. Ndiyo maana jibu la mume kwamba chakula kipo na nguo zipo halikujibu alichoulizwa. Nyumba ni haki ya tatu, imesimama peke yake.

Na wanavyuoni wa Kihanafi wamelieleza suala la wakwe kwa uwazi zaidi. Imam Kasani katika Badaai as-Sanaai amesema mume akitaka kumkalisha mkewe pamoja na mama yake au dada yake, na mke akakataa, basi itambidi amtenge. Lakini akampa chumba ndani ya nyumba hiyo chenye kufungwa peke yake, mke hana tena la kudai nyumba nyingine. Wetu wa Kishafii walipozungumza juu ya wake wenza ndani ya jengo moja, wameangalia huduma za nyumba: je, choo, kisima na njia ya kupandia juu vimejitenga au la? Ukizichukua kauli hizi pamoja unapata kipimo kinachotumika hata kwa kijana wa kipato kidogo. Si lazima jumba. Kinachotakiwa ni mlango unaofungwa kwa ndani, ufunguo ulio mikononi mwa wanandoa, na mke afike kwenye maji na choo bila ya kuomba ruhusa wala kupita mbele ya wanaume wasiokuwa maharimu zake akiwa katika hali asiyoitaka.

Watu huniuliza: je, kama aliambiwa kabla ya ndoa kwamba watakaa ukweni, na akakubali? Ridhaa yake ilikuwa sahihi, wala mume hakumdhulumu kwa kumleta hapo. Lakini haki ya makazi ni ya kila siku, inajirudia upya, na wanavyuoni wamesema juu ya wake wenza walioridhia kukaa nyumba moja kwamba wanaweza kurudi nyuma katika ridhaa yao. Na binti wa kwetu anayeambiwa utakaa na mama huwa anakubali mavyaa, hajui kwamba anakubali na kitasa kibovu.

Ama walio bado hawajafunga ndoa, na khasa mawalii, hili lizungumzwe siku ya posa na si siku ya kuhama. Mtume (S.A.W.) amesema, katika hadithi ya Uqba bin Amir iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale yaliyohalalishia watu tupu. Mahanbali wameichukua kwa mapana: mke akishurutisha asitolewe nyumbani kwao au mji wao na mume akakubali kisha akavunja, mke ana khiari ya kuivunja ndoa. Wetu hawalioni sharti hilo kuwa ni la lazima, ndoa inasihi na sharti linaanguka. Kwa hiyo msitegemee sharti la mdomo mbele ya kadhi wa Kishafii. Tegemeeni maelewano ya mapema: mtakaa chumba kipi, kina kitasa, bafu liko wapi, na kwa muda gani.

Nani aingie, na wakati gani

Baba wa mume ni maharimu kwa binti tangu siku ya akidi, na kuoa mwanawe kukivunjika hakuondoi uharimu huo. Ndugu wa mume si maharimu, hata awe na miaka kumi na tisa na mavyaa anamwita mtoto. Vilevile watoto wa kiume wa wifi wakishabaleghe, na binamu wa mume wanaokuja kula. Uqba bin Amir huyo huyo ndiye aliyepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha watu wasiingie kwa wanawake, akaulizwa juu ya jamaa wa mume, naye akamfananisha na mauti. Wanavyuoni wamesema ukali huo ni kwa sababu jamaa wa mume hatiliwi shaka na watu, anaingia bila ya kuulizwa, anatoka bila ya kutazamwa. Pasi ikiwa ndani ya chumba cha biharusi, umeshamtengenezea sababu ya kuingia kila asubuhi.

Wapo wanaodhani kwamba mwanamke kwa mwanamke, au maharimu kwa maharimu, hakuna hodi. Sivyo. Imam Malik amepokea katika Muwatta, kwa isnadi ya mursal kutoka kwa Ataa bin Yasar, kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume kama abishe hodi kwa mama yake mzazi, naye anakaa naye nyumba moja na ndiye anayemhudumia. Akaambiwa abishe, kwani je angependa kumuona yu uchi? Ikiwa mtoto anabisha hodi kwa mama aliyemzaa, basi mavyaa kumbishia mke wa mwanawe si kudharauliwa.

Na Qur'ani imekuja na saa zenyewe. Suratun Nur, aya ya 58, imewataka hata watoto wasiobaleghe na wahudumu wa ndani ya nyumba waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya sala ya Isha. Aya imeziita nyakati hizo ni za uchi kwetu. Kwa nyumba ya Ng'ambo yenye watoto wadogo hii ni ratiba tayari, na mtoto wa miaka sita anaifahamu ukimfundisha kwa wiki moja. Mlango ukirudishwa, hodi mara tatu, na usipojibiwa unarudi.

Kumtembelea mama

Hapa lazima niseme ukweli ambao baadhi ya wasomaji wa kike hawataupenda. Katika madhehebu yetu mke hatoki bila ya idhini ya mume, hata kwa wazazi wake. Lakini wale wale walioandika hivyo wameandika pia, kama alivyosema Imam Shirazi katika Muhadhab, kwamba ni karaha kwa mume kumzuia mkewe asimtazame baba yake akizidiwa na maradhi au asihudhurie mazishi yake, kwa kuwa kunaleta chuki na kumsukuma kwenye uasi. Na Mahanafi, katika kauli yao inayojulikana, wamempa haki ya kuwazuru wazazi kila wiki ikiwa wao hawawezi kumjia. Mume mwenye akili haangalii tu ni kitu gani anaweza kukizuia.

Bibi Aisha (R.A.) alipougua, katika siku za kisa cha uzushi, alimuomba Mtume (S.A.W.) ruhusa ya kwenda kwa wazazi wake, naye akampa. Nyumba zilikuwa karibu, mume wake ni Mtume wa Allah, na bado alipotaka kulia alimtaka mama yake, Umm Ruman. Hakuambiwa kwamba ameolewa na sasa mama ni mavyaa.

Jambo jingine linalosahauliwa: Nawawi ametaja katika Minhaj kwamba mke akitoka kwenda kuzuru na mfano wake wakati mume hayupo mjini, matumizi yake hayaanguki, yaani hahesabiki nashiza. Wanavyuoni wameliwekea mpaka, kwamba iwe ni kwa jamaa zake na mume awe hakumkataza. Mume wa muulizaji ni fundi umeme, huchukua kazi Dar es Salaam na hukaa huko wiki mbili au tatu. Katika wiki hizo binti alikuwa akibaki na shemeji wawili vijana ndani ya nyumba, mlango bila ya kitasa, na hakuna aliyefikiria kwamba huo ndio wakati hasa wa yeye kuwa Wete.

Yaliyofanyika

Nilimwambia mume aje msikitini, na akaja na ami yake. Sikutaka mavyaa aitwe, kwa sababu mama akiitwa mbele ya sheikh hutoka pale ameshahukumiwa mtaani. Tulikubaliana mambo machache. Kitasa kipya chenye funguo mbili, moja ya mume na moja ya mke. Kabati la mashuka na meza ya pasi vihamishwe ukumbini. Ufunguo wa mlango wa uwani utundikwe msumarini kwa ndani, juu, mahali ambapo mtu wa nje hafiki na mtu wa ndani hahitaji kumwamsha mwenziwe. Ndoo mbili za maji zijazwe bafuni kila usiku kwa kazi ya mume mwenyewe. Kila akienda Dar es Salaam, mke apande boti kwenda Pemba na arudi siku atakayorudi yeye. Na akiwa yupo, basi safari moja kila baada ya miezi miwili, kwa nauli iliyowekwa kando mapema, kwani ahadi isiyo na nauli ilikuwa imeshavunjwa mara mbili.

Ni mume aliyemwambia mama yake, si mke. Hili lina umuhimu wake: kitasa kikiombwa na mkwe kinasikika ni tuhuma, kikiwekwa na mtoto wa nyumba kinakuwa ni kazi ya ufundi. Hata hivyo mavyaa aliumia. Alisema, ndani ya nyumba niliyoijenga na marehemu nafungiwa mlango kama mwizi. Nilimtuma mke wangu kumzungumzisha, na walizungumza mchana kutwa wakichambua mchele. Huko ndiko lilikotoka jambo ambalo sisi wanaume hatukulijua. Yeye pia aliletwa kutoka Makunduchi akiwa mwali, na mavyaa wake akilala mlangoni mwao. Hakuwa mkatili. Alikuwa anaendesha nyumba kama alivyoiona ikiendeshwa.

Upande wa Wete nako kulikuwa na la kurekebisha. Mama mzazi alikuwa akipiga simu mara nne au tano kwa siku, akiuliza umekula nini, nani kapika, nani kakununia. Kila simu ilimrudisha binti mwanzo wa kilio, na simu zenyewe zilipigwa uwani ambako wifi husikia. Tulimuomba mama, kwa upole, azungumze mara moja kwa siku baada ya Alasiri, mlango ukiwa umefungwa, na asiulize habari za watu wa nyumba ile. Kama kuna dhulma, binti ataisema mwenyewe. Alikasirika kidogo, kisha akakubali. Baada ya mwezi wa tatu alikuja Unguja na kulala siku nne kwa idhini ya mavyaa, chumba kimoja naye, na wakapika pamoja.

Je, amepona? Alfajiri haimpiti tena, na analala. Bado analia siku anayorudi kutoka boti ya Pemba, na shemeji mkubwa bado husahau hodi. Mume ameanza kutafuta vyumba viwili vya kukodi, lakini kodi anazotajiwa hazimuwezi kwa sasa, na sheria haimtwishi asichoweza. Yeye mwenyewe amesema akipewa mlango wake anaweza kusubiri. Kama angesema hawezi, tusingemlazimisha.

Usubiri ukomee wapi

Aliyosema wifi kuhusu jini tusiyapokee haraka. Ruqya ya Qur'ani ni kheri kwa kila hali, na asome Ayatul Kursiyyu na Muawidhatayni yeye mwenyewe. Lakini nimeona mabinti wanaozungushwa kwa waganga miezi mitatu na kitasa hakijatengenezwa. Huzuni ya kukumbuka kwao huja na kuondoka. Humjia jioni, humwacha akipata mgeni wa kwao au kazi ya mkono. Akiwa kwa wiki mbili mfululizo hali, halali, hafurahii hata simu ya mama, au anasema ni bora afe, huo ni ugonjwa na apelekwe hospitali kwa daktari wa maradhi ya akili, bila ya kuona aibu na bila ya kungoja. Vivyo hivyo akiwa na ujauzito, maana huzuni na mimba ya mwanzo huchanganyika.

Na kama kuna kipigo, au shemeji anayemchungulia au kumgusa, hapo hatuzungumzii tena mazoea ya nyumba. Aondoke aende mahali pa salama siku hiyo hiyo, na hatahesabiwa nashiza kwa kukimbia madhara. Amwambie walii wake, sheha na polisi.

Ikiwa hakuna madhara ya namna hiyo lakini mume amekataa hata kitasa, basi njia imo katika Suratun Nisaa, aya ya 35: hakimu mmoja katika watu wa mume na mmoja katika watu wa mke. Wawe watu wazima wanaosikilizwa, na waitazame nyumba kwa macho yao, wasihukumu kwa masimulizi. Wakishindwa, aende Mahakama ya Kadhi ya wilaya yake na aeleze kwamba anadai makazi ya kisheria. Aseme neno hilo, makazi. Wengi hufika pale wakasema nimechoka nataka talaka, na kadhi huanzia hapo walipoanzia wao, kumbe walichotaka ni mlango.

Wallahu aalam.